Stoku ya mwisho ikizidishwa: kinachotokea kwenye faida na mtaji kwa miaka miwili mfululizo

Anayejifunza kufunga hesabu husikia mapema kwamba kosa la stoku, kama kuandika bidhaa zilizobaki stoo kwa thamani inayozidi ile halisi, "hujisahihisha lenyewe" mwaka unaofuata. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imewafanya watu wengi walidharau kosa ambalo tayari limeshagawa fedha kwa asiyestahili kabla ya kujisahihisha. Majibu yaliyo hapa chini yanafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili uone kosa linapoingia, linapotoka, na kile linachoacha nyuma.

Stoku ya mwisho inagusaje faida, wakati haijauzwa?

Inaigusa kwa sababu ndiyo inayoamua gharama ya zile zilizouzwa. Mfanyabiashara anayehesabu stoku mara moja kwa mwaka haandiki gharama kila anapouza. Anaipata kwa kutoa: anachukua stoku aliyoanza nayo, anajumlisha manunuzi ya mwaka mzima, kisha anatoa kilichobaki stoo siku ya kufunga. Kilichokosekana stoo kinachukuliwa kuwa kimeuzwa.

Kwa hiyo stoku ya mwisho ni kisu kinachogawa bidhaa zote za mwaka mafungu mawili. Fungu moja linakwenda kwenye gharama na kupunguza faida, na jingine linakwenda kwenye mizania kama mali. Ukilikuza fungu la mali kwa elfu thelathini, umelipunguza fungu la gharama kwa elfu thelathini zilezile. Gharama ikipungua, faida inapanda kwa kiasi hichohicho, na faida ikipanda, mtaji unapanda nayo. Pande mbili za mizania zinabaki sawa kabisa, na ndiyo maana urari hauwezi kukuonyesha kosa hili.

Tupe mfano wenye namba.

Biashara moja ya jumla inauza taa. Taa zinakuja kwenye katoni za sita sita, na kila taa imenunuliwa kwa 100, yaani katoni moja ni 600. Siku ya kufunga mwaka wa kwanza, aliyehesabu alikuta taa 60 zilizokwisha kutolewa kwenye katoni, zimepangwa rafuni. Akaandika "60" kwenye karatasi ya kuhesabia, lakini safu ya kipimo ilikuwa imeandikwa "katoni" kwa ukurasa mzima. Mtu wa ofisini akazidisha 60 kwa 600 akapata 36,000. Thamani sahihi ilikuwa 60 mara 100, yaani 6,000. Stoku imezidi kwa 30,000.

Mambo mengine yote ya mwaka huo ni sahihi. Mauzo ni 500,000, stoku ya mwanzo 60,000, manunuzi 340,000, na matumizi ya uendeshaji 100,000. Stoku ya mwisho ilipaswa kuwa 80,000, ila vitabu vinasema 110,000.

Bidhaa zilizokuwepo kwa ajili ya kuuzwa ni 60,000 na 340,000, jumla 400,000. Ukitoa stoku sahihi ya 80,000, gharama ya bidhaa zilizouzwa ni 320,000, faida ghafi ni 180,000, na faida halisi ni 80,000. Ukitoa stoku yenye kosa ya 110,000, gharama inashuka hadi 290,000, faida ghafi inakuwa 210,000 na faida halisi 110,000.

Mtaji wa mwanzo ulikuwa 200,000 na hakuna aliyechukua kitu. Kwa hiyo mtaji wa mwisho wa mwaka unasomeka 310,000 badala ya 280,000. Kosa la mstari mmoja limeiinua faida halisi kwa zaidi ya theluthi.

Mwaka wa pili unaharibikaje, ikiwa safari hii tumehesabu vizuri?

Unaharibika kwa sababu stoku ya mwisho ya mwaka wa kwanza ndiyo stoku ya mwanzo ya mwaka wa pili. Ile 30,000 ya taa zisizokuwepo inavuka usiku wa kufunga mwaka na kuamka upande wa gharama.

Mwaka wa pili mauzo ni 550,000, manunuzi 360,000, na matumizi 108,000. Stoku ya mwisho imehesabiwa kwa uangalifu na ni 88,000. Stoku ya mwanzo ingepaswa kuwa 80,000, lakini vitabu vimefunguliwa na 110,000. Kwa hiyo bidhaa zilizokuwepo zinasomeka 470,000 badala ya 440,000. Stoo sasa ina bidhaa za 88,000 tu, na hesabu inahitimisha kwamba zilizosalia zote zimeuzwa, zikiwemo taa ambazo hazikuwahi kuwepo. Gharama inakuwa 382,000 badala ya 352,000, na faida halisi inasomeka 60,000 badala ya 90,000.

Ukiiweka miaka miwili pamoja inaonekana hivi:

| | Mwaka 1 sahihi | Mwaka 1 wenye kosa | Mwaka 2 sahihi | Mwaka 2 wenye kosa |
|---|---|---|---|---|
| Mauzo | 500,000 | 500,000 | 550,000 | 550,000 |
| Gharama ya bidhaa zilizouzwa | 320,000 | 290,000 | 352,000 | 382,000 |
| Faida ghafi | 180,000 | 210,000 | 198,000 | 168,000 |
| Faida halisi | 80,000 | 110,000 | 90,000 | 60,000 |
| Mtaji mwisho wa mwaka | 280,000 | 310,000 | 370,000 | 370,000 |

Tazama mstari wa mwisho. Faida za miaka miwili zikijumlishwa ni 170,000 kwa njia zote mbili, na mtaji wa mwisho wa mwaka wa pili ni 370,000 kwa njia zote mbili. Hiyo ndiyo maana ya kusema kosa limejisahihisha. Mizania ya mwisho wa mwaka wa pili ni safi. Zilizoharibika ni taarifa za faida za miaka yote miwili pamoja na mizania iliyo katikati yao.

Ikiwa mtaji umerudi mahali pake, hasara iko wapi?

Iko katika uamuzi uliofanywa wakati namba zilikuwa mbaya. Anza na mwelekeo wa biashara. Ukweli ni kwamba faida ilikua kutoka 80,000 hadi 90,000, ongezeko la asilimia 12.5. Vitabu vinasema ilianguka kutoka 110,000 hadi 60,000, karibu asilimia 45. Mwenye biashara anayesoma namba hizo atatafuta kilichoharibika mwaka wa pili. Atapandisha bei, atabana matumizi, pengine atamwondoa meneja aliyefanya kazi nzuri. Mwaka wa pili haukuwa na kasoro yoyote. Umebeba mzigo wa mwaka uliotangulia.

Halafu kuna fedha zinazotoka kwa kuangalia namba hizo. Tuseme biashara hii ilikuwa ya wabia wawili wenye hisa sawa, na mmoja aliamua kujitoa mwisho wa mwaka wa kwanza, akalipwa nusu ya mtaji uliosomeka. Alilipwa 155,000. Alistahili 140,000. Mbia aliyebaki alianza mwaka wa pili na mtaji wa 155,000 kwenye karatasi, akaongeza faida ya 60,000, akamaliza na 215,000. Kama kosa lisingekuwepo, angeanza na 140,000, akapata faida ya 90,000, na kumaliza na 230,000. Zile 15,000 hazitarudi kwa mzunguko wa stoku. Stoku ya mwisho ya mwaka wa pili ni sahihi na mizania ni sahihi, lakini fedha zimekwenda kwa mtu ambaye hayupo tena.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Kinachojisahihisha ni jumla ya faida, na kinajisahihisha kwa biashara kama kitu kimoja. Malipo yaliyokwisha kufanyika kati ya watu hayajisahihishi. Bonasi iliyolipwa kwa meneja aliyeondoka, gawio lililotolewa kwa wanahisa waliouza hisa zao baadaye, mkopo uliotolewa kwa dhamana ya stoku isiyokuwepo: yote haya hubaki palepale hata mizania ikishanyooka.

Na kodi ya mapato?

Chukua kiwango cha asilimia 30 kwa mfano tu. Mwaka wa kwanza biashara inalipa 33,000 badala ya 24,000, na mwaka wa pili inalipa 18,000 badala ya 27,000. Jumla ni 51,000 kwa vyovyote vile. Biashara imelipa 9,000 mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Kwa sababu kodi nayo imezidi, mtaji wa mwisho wa mwaka wa kwanza baada ya kodi umezidi kwa 21,000 na sio 30,000. Wengi husahau hilo wanapoandika marekebisho.

Lakini usawa huo unategemea kiwango kisibadilike. Kikishuka hadi asilimia 25 mwaka wa pili, biashara itakuwa imelipa 33,000 na 15,000, jumla 48,000, wakati ilipaswa kulipa 24,000 na 22,500, jumla 46,500. Zile 1,500 za ziada ni hasara ya kweli. Na kama mwaka wa pili ungeishia kwenye hasara, upungufu wa faida usingepunguza kodi ya mwaka huo hata kidogo. Ungesubiri miaka ya mbele, kwa masharti ya sheria ya kodi inayohusika.

Je, kosa lilelile likirudiwa mwisho wa mwaka wa pili?

Swali hili huwakwaza hata waliozoea vitabu, kwa hiyo tulifuate polepole. Tuseme karatasi ya kuhesabia haikurekebishwa, na mwisho wa mwaka wa pili stoku imezidishwa tena kwa 30,000, ikaandikwa 118,000 badala ya 88,000.

Stoku ya mwanzo imezidi kwa 30,000 na inaongeza gharama. Stoku ya mwisho imezidi kwa 30,000 na inapunguza gharama. Mawili yanauana, na faida ya mwaka wa pili inatoka 90,000, sahihi kabisa. Ila mtaji wa mwisho wa mwaka wa pili ni 310,000 na 90,000, yaani 400,000, wakati ukweli ni 370,000. Faida ni sahihi na mizania si sahihi. Kosa likiendelea kwa ukubwa uleule kila mwaka, faida za miaka yote inayofuata zitakuwa safi, na bidhaa hewa ya 30,000 itabaki kwenye mizania mpaka siku atakapopatikana mtu wa kuhesabu vizuri. Siku hiyo mwaka wake utabeba mzigo wote.

Kutokana na hili unaona kwa nini anayezidisha stoku kwa makusudi hawezi kusimama. Akitaka faida ya mwaka wa pili nayo ionekane imezidi kwa 30,000, hawezi kuzidisha stoku kwa 30,000 tu, kwa sababu hizo zinakwenda kufidia za mwaka jana. Lazima azidishe kwa 60,000. Mwaka wa tatu 90,000. Stoku inavimba kuliko mauzo, na mwishowe hakuna stoo inayoweza kuibeba. Kashfa ya kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins iliyofichuka Marekani mwaka 1938 ilihusu stoku ya mamilioni ya dola iliyokuwepo kwenye karatasi peke yake, na baada yake wakaguzi wa hesabu wakatakiwa kuwepo wenyewe wakati bidhaa zinahesabiwa.

Tunatumia programu inayopunguza stoku kila tunapouza. Kosa hili bado linatuhusu?

Linawahusu, ila linatoka kwa mlango mwingine. Katika mfumo huo gharama inaandikwa kila mauzo yanapofanyika, na hesabu ya mwisho wa mwaka hutumika kulinganisha kilichomo kwenye mfumo na kilichomo stoo. Kama mfumo unasema zipo taa za 6,000 na karatasi ya kuhesabia inasema 36,000, mtu atabonyeza marekebisho na mfumo utaongeza stoku kwa 30,000, huku ukipunguza gharama kwa 30,000. Athari kwa mwaka wa kwanza ni ileile.

Tofauti iko mwaka wa pili. Kila mauzo yanabeba gharama yake mwenyewe, kwa hiyo zile taa hewa hazijichanganyi na mauzo. Zinakaa kwenye mfumo kimya, mwezi baada ya mwezi, na taarifa za faida za kila mwezi zinaonekana nzuri. Siku ya kuhesabu tena, taa 300 hazionekani (katoni 60 ni taa 360, na zilizokuwepo zilikuwa 60). Mfumo unaandika upotevu wa 30,000 kwa siku moja.

Nani anatazamwa? Mtunza stoo. Upotevu wa ghafla wa bidhaa moja unafanana sana na wizi, na mtu anaweza kupoteza kazi kwa ajili ya taa ambazo hazikuwahi kuingia kwenye ghala lake. Kabla ya kumwuliza yeyote, fungua karatasi za kuhesabia za mwaka uliopita na uangalie kama bidhaa hiyohiyo ilionyesha *ziada* kubwa wakati ule. Upungufu wa mwaka huu unaolingana na ziada ya mwaka jana kwa bidhaa ileile, kwa idadi ileile, karibu kila mara ni kosa la kuhesabu. Ni haki ya mtunza stoo kwamba ulinganisho huo ufanywe kwanza.

Fedha taslimu nazo huathirika?

Kosa lenyewe haliongezi wala kupunguza hata senti benki. Fedha zinaguswa na yale yanayofuata: kodi, gawio, bonasi. Kwa hiyo faida inayopanda ghafla bila fedha kupanda, huku stoku ikiwa imekua, ni jambo la kulichunguza siku hiyohiyo.

Nitajuaje kuwa stoku imezidishwa kabla sijafunga vitabu?

Kipimo cha kwanza ni asilimia ya faida ghafi. Katika mfano wetu biashara hupata 36 kwa kila 100 za mauzo: 180,000 juu ya 500,000 mwaka wa kwanza, na 198,000 juu ya 550,000 mwaka wa pili. Vitabu vyenye kosa vinaonyesha 42 mwaka wa kwanza na 30.5 mwaka wa pili. Kupanda juu ya kawaida kwa kiasi fulani kunakofuatiwa na kushuka chini ya kawaida kwa karibu kiasi hicho, bila bei kubadilika, ndiyo alama ya kosa la stoku iliyo katikati ya miaka miwili.

Lakini mwisho wa mwaka wa kwanza hujauona mwaka wa pili bado. Hapo tumia asilimia uliyoizoea ukisie stoku kabla ya kuamini karatasi. Mauzo ni 500,000 na kwa kawaida gharama ni asilimia 64 ya mauzo, yaani 320,000. Bidhaa zilizokuwepo ni 400,000. Basi kinachopaswa kubaki stoo ni karibu 80,000. Karatasi inasema 110,000. Pengo la 30,000 halithibitishi kosa, ila linakupa sababu ya kurudi stoo na kuhesabu upya bidhaa zenye thamani kubwa kabla ya kusaini.

Kipimo kingine ni siku ambazo stoku ingedumu kwa kasi ya mauzo ya mwaka. Gawa stoku kwa gharama ya bidhaa zilizouzwa, kisha zidisha kwa 365. Namba sahihi zinatoa siku 91 na zenye kosa zinatoa siku 138. Kosa linaonekana mara mbili kwenye kipimo hiki, kwa sababu limeongeza juu na limepunguza chini.

Vipimo hivi vina mpaka. Biashara iliyobadilisha bei, iliyoanza kuuza bidhaa mpya zenye faida kubwa, au iliyopata punguzo zito kwa msambazaji, asilimia yake itahama bila kosa lolote. Kosa dogo nalo hupotea ndani ya mabadiliko ya kawaida. Usiwahi kurekebisha stoku kwa kufuata makisio. Makisio yanakwambia uhesabu tena, na idadi ya kuandika hutoka stoo.

Mkaguzi ametuambia bidhaa zilihesabiwa sawa, lakini ankara ya kuzinunua haikuandikwa. Hilo nalo ni stoku iliyozidi?

Hapana, ingawa faida inaathirika kwa namna ileile na ndiyo maana mawili haya huchanganywa. Mzigo wa 30,000 ukifika siku mbili kabla ya kufunga, ukahesabiwa stoo, na ankara ikaandikwa mwaka unaofuata, stoku ni sahihi kwa sababu bidhaa zipo kweli na ni zenu. Kilichopungua ni manunuzi na deni kwa wadai. Faida na mtaji wa mwaka wa kwanza vitazidi kwa 30,000, na mwaka wa pili manunuzi yatabeba ankara isiyo yake na faida yake itapungua kwa kiasi hicho.

Tofauti iko kwenye dawa. Kwa kosa la kuhesabu unapunguza stoku. Kwa ankara iliyosahaulika unaacha stoku ilivyo na kuongeza deni. Ukikosea ukapunguza stoku, faida itanyooka lakini mizania itakuwa na makosa mawili: stoku pungufu na deni pungufu, na mwaka unaofuata utarithi yote mawili.

Nikigundua kosa, naandika nini kwenye leja?

Inategemea umeligundua lini. Kwa urahisi nitaacha kodi pembeni.

Ukiligundua kabla hesabu za mwaka wa kwanza hazijaidhinishwa kutolewa, rekebisha mwaka wa kwanza wenyewe: debiti gharama ya bidhaa zilizouzwa 30,000, krediti stoku 30,000. Haijalishi kwamba tarehe ya kufunga imeshapita. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 10, kinalihesabu kosa lililogunduliwa katika kipindi hicho kuwa jambo la kurekebishwa.

Ukiligundua ndani ya mwaka wa pili, vitabu vya mwaka wa kwanza vikiwa vimeshatolewa, mambo hubadilika. Kishawishi ni kudebiti gharama za mwaka wa pili na kuendelea na kazi. Usifanye hivyo, maana utakuwa umeandika kwa mkono wako lilelile ambalo kosa lingefanya lenyewe: kuutwisha mwaka wa pili mzigo wa mwaka wa kwanza. Andika debiti faida limbikizi ya mwanzo 30,000 (au akaunti ya mtaji, kwa biashara ya mtu mmoja), na krediti stoku ya mwanzo 30,000. Stoku ya mwanzo inarudi 80,000, mtaji wa mwanzo 280,000, na faida ya mwaka wa pili inatoka 90,000 kama inavyostahili. Kama kosa ni kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi wa msomaji, IAS 8 inataka pia namba za mwaka wa kwanza zinazoonyeshwa kwa kulinganisha ziandikwe upya, na maelezo yatolewe kuhusu kosa lilivyokuwa na kiasi chake.

Ukiligundua mwaka wa tatu, baada ya mwaka wa pili kufungwa na stoku sahihi, hakuna cha kuandika kwenye leja kabisa. Salio zote ziko sawa. Wengi hushangaa hapa, na wengine hulazimisha ingizo ili waonekane wamerekebisha, wakaharibu mtaji uliokuwa umenyooka. Kinachorekebishwa ni taarifa: safu ya mwaka wa pili inayowekwa kando ya mwaka wa tatu ionyeshe faida ya 90,000 badala ya 60,000, na mtaji wa mwanzo wa mwaka huo uwe 280,000 badala ya 310,000. Mtaji wa mwisho wa mwaka wa pili unabaki 370,000.

Stoku ikipunguzwa badala ya kuzidishwa, je?

Geuza alama zote. Faida na mtaji wa mwaka wa kwanza vinapungua, faida ya mwaka wa pili inazidi, na mtaji wa mwisho wa mwaka wa pili unarudi sawa.

Mwaka umeshapita miezi miwili na nina shaka. Siwezi kurudi nyuma kuhesabu. Nifanyeje?

Unaweza kuhesabu leo na kurudi nyuma kwa hati. Chagua bidhaa unayoitilia shaka na uhesabu zilizopo sasa, ukiandika kipimo kando ya kila idadi. Jumlisha zote zilizouzwa tangu siku ya kufunga kwa kufuata stakabadhi za mauzo, kisha toa zote zilizopokelewa tangu siku hiyo kwa kufuata hati za kupokelea mzigo. Zilizorudishwa na wateja zitoe, zilizorudishwa kwa msambazaji zijumlishe.

Kwa taa zetu, tuseme leo zipo 90, zimeuzwa 150, na zimepokelewa 180. Tisini na 150 ni 240, ukitoa 180 zinabaki 60. Karatasi ya siku ya kufunga inasema katoni 60, yaani taa 360. Sasa una jibu, na una idadi inayofanana mno na ile iliyoandikwa kiasi kwamba chanzo chake kinaonekana wazi. Sitini ni sitini, kilichokosewa ni kipimo. Kabla hujaandika ingizo, pitia mistari mingine yote ya ukurasa huo wenye kichwa cha "katoni", kwa sababu aliyeandika taa za rafuni hapo huenda aliandika na bidhaa nyingine za rafuni kwa namna ileile.